Mfuko Usiojaa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni mkulima. Nilikana mbele ya wafanyakazi wenzangu, mbele ya wapangaji wenzangu hapa Mwanza mjini, na mara moja nilikana mbele ya daktari aliyetaka kujua viganja vyangu vimepatwa na nini. Nilimwambia ni sabuni. Nina shahada, ninaandika makala, ninajua mahali pa kuweka nukta na mkato. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, hana shamba. Ana "eneo". Lakini eneo lenyewe liko Misungwi, limeota mahindi, na kila mwaka mimi na mama yangu tunayavuna tukiwa tumeinama kama watu wengine wote. Basi leo nakubali. Mimi ni mkulima, tena mdogo, mwenye mavuno ambayo bwana shamba akiyaona husema "si haba" kwa sauti ya kutoa pole.

Waliovunja ukaidi wangu ni fukusi. Ni vigumu kukana ukulima huku unachambua vijidudu kwenye nywele zako.

Mama yangu ni mjane na hana ombi kubwa duniani. Anataka ale ugali wa mahindi yake mwenyewe mpaka mengine yakauke shambani, na wajukuu wakija wakute hivyohivyo. Dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi haitaki, kwa sababu inambana kifua, na kwa sababu mwaka mmoja tuliuziwa unga ambao fukusi waliutembelea juu kama watu wanaovuka barabara ya vumbi. Kwa hiyo mwaka uliopita nilimnunulia mifuko isiyopitisha hewa. Niliisoma mtandaoni nikaielewa vizuri sana. Ndani kuna nailoni mbili nene, nje kuna kiroba. Mahindi makavu yanaingia, hewa inabanwa itoke, shingo za nailoni zinasokotwa na kufungwa moja baada ya nyingine, na wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyobaki kisha wanakufa. Hakuna dawa wala harufu. Nilimweleza mama mambo ya oksijeni kwa dakika nyingi kuliko alizohitaji, nikamkabidhi mifuko mitatu, nikarudi mjini kwenye shughuli zangu za watu wasiokuwa wakulima.

Kufika Novemba, mama alinipigia simu niende. Aliniongoza mpaka kwenye gunia, akanishika shingo kama mtoto anayenawishwa, akaliweka sikio langu kwenye kiroba. Ndani kulikuwa na sauti ndogo isiyokatika, kama manyunyu juu ya majani makavu.

"Sikiliza mvua yako," akasema.

Mwaka ule mama alinunua unga dukani. Alibeba beseni, akalifunika kanga kana kwamba amebeba samaki wa wizi, akapita njia ya nyuma ili jirani asimwone. Mimi nilimwona. Hakunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mavuno ya mwaka huu yalipoanza kukauka kwenye turubai, alinipa hukumu yake. Kuna mlanguzi wa pikipiki anayepita vijijini kununua mahindi wakati bei iko chini ya miguu. Mama atamuuzia yote. Bei ikipanda mbinguni, ataenda dukani na beseni lake kama watu wa mjini.

"Au," akasema, akiwa ameshika mhindi na kuupukuchua bila kuutazama, "unitafutie mfuko wa kweli. Kutoka kwa mtu wa kweli. Kabla yule wa pikipiki hajarudi."

Nilijua pa kuanzia. Ile mifuko niliinunua Usagara, njia panda, kwenye duka dogo la pembejeo lenye majembe yasiyo na mipini, mbegu kwenye pakiti, na benchi ambalo halikosi watu wasionunua kitu. Nilishuka pale nikiwa na hotuba kamili, yenye utangulizi.

"Shikamoo, mama," mwenye duka akasema. Ni mtu wa makamo ya mdogo wangu, mtulivu wa kuudhi.

"Marahaba. Uliniuzia mifuko feki."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mitatu."

"Na yote mitatu imevuja?"

"Miwili. Wa tatu haukutumika."

"Basi ulete huo wa tatu, tuupulize hapahapa hawa wakiona. Ukivuja nakupa mipya mitatu, na soda juu."

"Mimi sina muda wa kupuliza mifuko."

"Muda wa kupanda gari kuja kunitukana ulikuwa nao." Benchi likacheka. Yeye hakucheka. "Mliifungaje?"

"Tuliifunga kama mifuko inavyofungwa."

"Mifuko inafungwa kwa namna nyingi, mama."

Hapo nilikasirika kweli. Nimezaliwa kwenye mahindi, nimelala juu ya magunia wakati wa utoto, halafu mtu aniulize kama najua kufunga gunia. Nilisahau kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nakana kuwa mkulima. Nilimwambia mimi ni mwandishi na kwamba nitamwandika.

"Andika," akasema. "Ila uandike na mahali duka lilipo."

Nikaondoka nikiwa na hakika kabisa kwamba ni tapeli. Mtu mkweli, niliwaza, angetetemeka kidogo.

Duka la pili lilikuwa mjini kati, lenye vioo na feni. Kijana wa pale alitetemeka vya kutosha. Aliniita bosi, akanikalisha, akanionyesha mifuko iliyokunjwa vizuri ndani ya plastiki inayong'aa, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haipitishi hewa. Kulikuwa na picha ya mhindi wenye afya kuliko mhindi wowote niliowahi kuvuna.

"Naomba niufungue niutazame ndani," nikasema.

"Bosi, ukifungua umenunua."

"Nitajuaje ni mzima?"

"Umeandikwa, bosi."

Nilinunua mmoja wa kujaribia. Nyumbani nikaufungua sebuleni. Kiroba cha nje kilikuwa kizuri, ningeweza kukishonea mkoba. Ndani kulikuwa na nailoni moja tu. Najua ipo mifuko mizuri yenye nailoni moja, lakini huwa nene, ya kutengenezwa kwa kazi hiyo. Hii ilikuwa nyembamba kama ile ya kubebea maandazi. Nikaipuliza hivyohivyo, nikisimama kila baada ya pumzi chache kwa sababu ya umri, nikaisokota shingo, nikaibana kwenye kifua. Upepo ukanipiga shavuni kutoka kwenye mshono, mwembamba na baridi.

Jirani akagonga mlango. "Dada, vipi, unaumwa? Nasikia unahema."

"Napuliza mfuko."

"Haya, pole," akasema, akaenda zake.

Niliurudisha kesho yake. Kijana aliutazama kama kitu kilichookotwa.

"Huu ni wa kuhifadhia tu, bosi. Sio wa kubana hewa kabisakabisa."

"Umeandikwa haupitishi hewa."

"Hayo ni maandishi tu, bosi."

Mimi ninayekula kwa maandishi tu nilielekea mlangoni. Nilimwachia mfuko wake.

Jaribio la tatu sitaki kulieleza kwa urefu kwa sababu linanidhalilisha. Katika kundi la simu la tuliosoma pamoja, mtu alileta namba ya anayejiita wakala mkuu wa kanda yote ya ziwa. Picha zilikuwa nzuri: mirundo ya mifuko myeupe, watu wanatabasamu. Nikamwomba anitumie video akipuliza mfuko mmoja. Akaniletea picha ya lori. Nikamuuliza duka liko wapi. Akasema wao wako mtandaoni. Nikamuuliza kama mtandaoni kuna mlango. Akasema nitume nusu ya fedha kwanza, mzigo unatoka Dar leo, na Mungu anibariki. Kisha akaniletea alama ya viganja viwili vya kusali. Nilikaa na vile viganja mchana kutwa, nikitafakari, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa kweli nilikaribia kutuma. Kilichoniokoa hakikuwa elimu. Simu iliishiwa chaji.

Ndipo mwenzangu mmoja wa ofisini, ambaye kumbe naye ana "eneo" Magu na alikuwa akilikana kama mimi, akaniambia kwa sauti ya chini, karibu na mashine ya kunakilia, nijaribu duka moja Nyakato.

Duka lenyewe liko nyuma ya viwanda, na nilipofika nilidhani nimepotea nikaingia zahanati ya kifua. Watu wazima wanne walikuwa wamesimama mbele ya kaunta, kila mmoja na nailoni mdomoni, mashavu yamevimba, macho yametoka. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, mkubwa kwangu kidogo, wa familia ya wafanyabiashara waliokuwa pale tangu viwanda vikiwa vichache. Alikuwa amekaa na kikombe cha chai, akiwasimamia kama mtihani.

"Shikamoo," nikasema. "Nataka mifuko minne."

"Marahaba. Puliza."

"Nina haraka kidogo. Nitaamini tu."

"Usipopuliza siuzi. Sitaki simu yako Novemba."

Alinitajia Novemba bila mimi kumwambia chochote, nikahisi nimesomwa. Nikapuliza. Nailoni ya kwanza, ya pili, kila mfuko. Alinionyesha kuisokota shingo na kuibana chini ya kwapa, kisha kusogeza shavu polepole kwenye mishono na kona. Mfuko mmoja ulikuwa na tundu dogo la safarini. Hakubishana, aliutupa pembeni kwenye mrundo wa iliyokataliwa na kuchukua mwingine. Nikauliza kama atanipa hakikisho la maandishi. Akanipa risiti yenye muhuri wa duka na namba ya simu, akaniambia hakikisho jingine ni mapafu yangu. Ni mwanamke wa kuchosha. Alimkatalia mteja mmoja kwa sababu alicheka wakati wa kupuliza. Lakini nilikuwa nimeanza kuelewa kitu ambacho watu wa maduka ya vioo hawakutaka nikielewe: mwenye mfuko mzima hana haja ya kuufunga usionekane. Yule wa Usagara naye alitaka tupulize, wazo likanipitia. Nikalifukuza.

Wakati ananipigia muhuri akauliza, "Mahindi yako ni gunia ngapi?"

"Manne."

"Manne ya mzani, au manne ya kijijini?"

"Gunia ni gunia, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Siku ya kujaza nilifika Misungwi mapema nikiwa na mifuko yangu minne na majivuno ya mtu aliyepuliza. Tulipima ukavu kwanza. Mimi nilitumia njia niliyoisoma: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, unatikisa, chumvi ikinata kwenye chupa bado kuna unyevu. Haikunata. Mama alitumia njia yake: akatia punje mdomoni, akaing'ata, ikalia kama kijiti. Tukakubaliana, jambo ambalo halitokei mara nyingi, na mama akatenga kiroba kimoja cha kawaida cha kula kwanza, ili ile mifuko mingine isifunguliwefunguliwe.

Mjazaji wetu ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Hakuna mtu pale kijijini anayejaza gunia kama yeye. Ana namna yake: anamimina debe, analitikisa gunia, analinyanyua na kulipiga chini mara mbili, anashindilia kwa ngumi kwenye kona, anamimina tena. Akimaliza, gunia limesimama kama mzee wa baraza na juu yake kuna kilemba cha mahindi kilichovuka mdomo. Wengine huita lumbesa. Yeye huita gunia.

Mwaka jana sikuwepo alipojaza. Safari hii nilikuwepo, nimesimama pembeni na mipira niliyokata kwenye tyubu ya baiskeli kwa ajili ya kufungia. Gunia la kwanza lilipojaa nikamwambia, "Baba mdogo, sasa niachie nisokote shingo."

"Shingo ipi?"

Nikaangalia. Nailoni ilikuwa imezunguka kilemba kama ukosi wa shati lililobana. Nilivuta upande huu, upande wa pili ukafunguka. Hakukuwa na kitu cha kusokota.

"Mwaka jana mlifungaje?" nikauliza, na nilipojisikia nimeuliza swali la yule wa Usagara, karibu neno kwa neno, mgongo uliniwasha.

"Tulishona," baba mdogo akasema. Akatoa mfukoni sindano yake ya magunia, ndefu kama kidole na imepinda kidogo, tayari ina uzi wa katani. "Kilemba kitakaaje bila kushonwa?"

"Ulishona kiroba?"

"Nilishona vyote, na hizo nailoni zako. Nilitaka kazi ikae."

Nilikaa chini juu ya debe. Sikujua nimlaumu nani. Nilikuwa nimesafiri Usagara kumtukana mtu, nimepuliza sebuleni mpaka jirani akaniogopa, nimesomeshwa Nyakato kama mtoto wa chekechea, na wakati wote huo mahindi ya mwaka jana yalikuwa yamehifadhiwa kwenye mfuko mzuri uliotobolewa mstari mzima wa matundu na mtu wa ukoo wangu, kwa upendo.

"Punguza," nikasema. "Toa debe moja na nusu kwa kila mfuko. Lazima shingo ipatikane."

Baba mdogo alinitazama kama nimemwambia avue suruali. "Mfuko usiojaa?"

"Mfuko usiojaa."

"Mimi sijawahi kuacha mfuko haujajaa. Waulize watu."

Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa upande wa pili. "Watu wakiingia ndani," akasema, "wakikuta magunia yamelegeza vichwa, watasema nini? Watasema shamba limekufa na mzee."

"Mama, watu wataingia ndani kufanya nini?"

"Watu huingia."

"Lumbesa ni mpango wa walanguzi. Wanalipa kwa gunia, kwa hiyo wanataka kilemba cha bure. Hapa hatumuuzii mtu. Tunajipunja wenyewe."

"Umemaliza hotuba?" akauliza baba mdogo.

"Bado."

"Basi malizia ukiwa unasogea, umekalia debe langu."

Pikipiki ililia njiani. Ni yeye, mlanguzi, kijana wa miwani ya jua, na aliingia uani akiwa tayari anatabasamu kwa sababu kutoka barabarani alikuwa ameshaona kilemba. Akasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mtu, hata kwangu, nikaumia. Akazunguka gunia, akaligonga tumboni kwa kiganja.

"Huyu mzee anajua kujaza," akasema. "Haya ndiyo magunia. Nayachukua yote leo, mama, gari liko barabarani. Mambo ya mifuko ya nailoni si mliyaona mwaka jana?"

Mama alikuwa anakitazama kile kilemba. Baba mdogo, ambaye alikuwa amesifiwa, alionekana ghafla hafurahii sifa.

"Wewe," mama akamwambia mlanguzi taratibu, "gunia hili ukilifikisha mjini unalipima?"

"Mjini napima kwa kilo, mama, ndiyo biashara."

"Na hapa?"

"Hapa kwa gunia. Ndiyo desturi yenu."

Mama akavuta debe lililokuwa chini yangu, nikasimama. Akaliinamisha gunia mwenyewe, kilemba kikaporomoka ndani ya debe. "Punguza," akamwambia shemeji yake, kama wazo lilikuwa lake. Sikudai.

Walipomaliza kujaza mifuko yote minne kwa kipimo hicho na mimi nikasokota, nikakunja, nikafunga nailoni ya ndani kwa mpira, kisha ya pili, kisha kiroba, mahindi yaliyobaki kwenye turubai yalikuwa yanatosha mfuko wa tano. Mfuko wa tano sikuwa nao. Nikamkumbuka yule mama wa Nyakato: "Manne ya mzani, au manne ya kijijini?" Mlanguzi, ambaye alikuwa amejikalia kivulini na kikombe cha maji, akaliona lile rundo na uso wake ukachangamka tena.

"Hayo basi nipeni mimi," akasema. "Yasiharibike."

Lilikuwa rundo la miezi miwili ya ugali, pengine zaidi, na ndiyo miezi ile ya mwisho, ile ya beseni na njia ya nyuma. Mama aliingia ndani. Tukasikia sanduku linaburutwa. Alirudi ameshika mfuko wa Usagara, ule wa tatu, ambao baba mdogo aliuokoa mwaka jana kwa ustadi wake wa kushindilia mahindi yote kwenye miwili, na ambao kumbe mama alikuwa anahifadhia vitenge vyake vya misibani. Vitenge alikuwa amevimwaga kitandani.

"Huu ndio feki?" akaniuliza.

"Ndio."

"Upulize."

Nikaupuliza mbele yao wote. Nailoni ya kwanza ikajaa ikakaza. Nikaisokota, nikaibana kwapani kama nilivyofundishwa, nikasogeza shavu kwenye mishono polepole. Hakuna upepo. Nikapuliza ya pili, nikaibana, nikasubiri. Baba mdogo naye akaja akasikiliza, kisha, sijui kwa nini, mlanguzi akavua miwani akaja akasikiliza.

"Huyu feki wako ana mapafu," mama akasema, na akaanza kumimina mahindi.

Mlanguzi alimaliza maji yake akaaga kwa heshima zote. Baba mdogo aliirudisha sindano mfukoni, ila alisema mbele ya kila mtu kwamba mifuko ile inatia aibu na kwamba asihusishwe. Tuliipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, vichwa vyake vimelegea pembeni kama watu waliosinzia kanisani. Mama akaitandikia kanga juu. Alisema ni kwa sababu ya panya, ingawa panya hazuiliwi na kanga.

Wakati wa kurudi nilishuka Usagara. Sikuwa na hotuba. Nilinunua pakiti mbili za mbegu ambazo sikuzihitaji. Mwenye duka alizifunga kwenye gazeti.

"Umeshaandika?" akauliza.

"Bado."

"Usisahau mahali duka lilipo." Benchi likacheka tena, nikawaacha wacheke. Nilimwambia ule wa tatu ulikuwa mzima. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kesho ni Jumatano.

Miezi iliyofuata ilinizeesha. Mama alikubali kutofungua mifuko mpaka kiroba cha kula kiishe, kwa sababu kila ukifungua unawaletea wadudu hewa ya kuanzia upya. Alikubali kwa mdomo. Lakini maisha yake yote amekagua mahindi kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kusikia kama yamepata joto, na mkono wake haukuwa umekubaliana na mtu. Alinipigia simu nikiwa kwenye kikao: je, akiingiza vidole viwili tu? Alinipigia nikiwa sokoni: je, anaweza kuchungulia kwa sindano? Nikamwambia neno sindano lisitajwe tena katika nyumba ile. Alinipigia Novemba, siku ya kwanza kabisa ya mwezi, alihema tu, na mimi nikasema, "Mama, usifungue," na yeye akasema alikuwa anasalimia.

Kiroba cha kawaida kilikwisha mwishoni mwa mwaka, kikiwa na fukusi wake wa kutosha, tulipepeta tukala. Kisha akafungua mfuko wa kwanza wa Nyakato na kula, akafungua wa pili, na kila mara aliniambia yako sawa kwa sauti ya mtu anayesubiri kukutwa na jambo. Nilielewa. Uliobaki mwisho kabisa katika mpango wake ulikuwa ule wa Usagara, uliobeba rundo la miezi ya mwisho. Huo ndio hakuwa anauamini, na mimi, kwa siri, sikuwa nauamini vilevile. Nilikuwa nimeubana kwapani lakini niliwahi kumwita tapeli aliyeniuzia, na moyo wa mtu aliyetukana hautulii haraka.

Alipiga simu mahindi mapya yakiwa bado mabichi shambani. Nilikuwa ofisini, karibu na mashine ya kunakilia.

"Nimefungua ule wa vitenge," akasema.

"Eh."

"Ngoja."

Nikasikia simu inagusa kitu, kisha mkwaruzo wa nailoni, kisha simu imezamishwa mahali penye kina. Niliiweka sikioni kwa nguvu mpaka sikio likaniuma. Mwenzangu wa Magu alisimama kunitazama. Nilitafuta yale manyunyu, yale majani makavu. Nilisubiri mpaka nikaanza kufikiri laini imekatika.

"Unasikia nini?" sauti ya mama ikatoka mbali, juu ya mahindi.

"Sisikii kitu, mama."

"Hata mimi," akasema. Akaitoa simu, akapuliza vumbi la punje kwenye kioo. "Mwakani mwambie baba yako mdogo asije na sindano. Na ununue mitano."